Swali la Kurudisha Toleo

Mama Pacha alikuwa anaijua kazi yake. Hilo tuliweke wazi mapema, maana bila hilo hadithi hii haina uchungu wowote. Mtu asiyejua kitu akiiba majibu, tunacheka, tunapita zetu. Lakini anayejua akaenda kuazima majibu ya mwenzake, huyo jamani tumwiteje?

Kabla hajawa Mama Pacha, alikuwa fundi wa seva, zile kompyuta zinazobeba mifumo, kwenye kampuni ya bili za maji. Si fundi wa kushika bisibisi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha programu wanazoandika wenzake zinafika kwenye seva salama, na zikifika zisianguke. Siku hizi kazi hiyo inaitwa DevOps, wakati ule waliiita tu "muulizeni yule dada". Bosi wake alikuwa mzee mmoja asiyependa maneno, wakamwita Mzee Kimya, na Mzee Kimya aliwahi kusema mbele ya watu kwamba yule dada akiwa zamu, yeye analala usingizi. Kutoka kwa mtu wa maneno machache kama yule, hiyo ni hotuba.

Kisha wakaja pacha, wakaja na homa zao na kulia kwao kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea. Mama Pacha akaacha kazi, akisema ni kwa muda tu. Muda ukawa miaka. Mumewe alikuwa anafanya kazi mbali, anarudi mwisho wa mwezi, na mama mkwe akahamia kumsaidia mkwewe. Maisha hayakuwa mabaya. Ila kila alipokuwa anafua, Mama Pacha alijikuta anawaza seva, na mtu anayewaza seva huku anasugua kola za mashati, moyo wake haujatulia.

Akaanza kuomba kazi. Usaili wa kwanza aliopata, alikutana na kijana wa fulana nyeusi aliyemuuliza kuhusu chombo kimoja kipya. Mama Pacha akajibu kwa ukweli wake wote, "Hicho sijakitumia bado." Yule kijana akatabasamu kwa nusu mdomo, akafunga kompyuta yake, akasema asante, tutakupigia. Ile nusu ya mdomo! Mama Pacha alirudi nayo nyumbani. Alikuwa anaosha vyombo anaiona, anawalaza watoto anaiona.

Kwa hiyo alipoitwa kwa usaili wa pili, hakwenda kwa Mungu wala kwa vitabu. Alikwenda kwa mdogo wake.

Mdogo wake huyo walimwita Spidi, kwa sababu tangu utotoni alikuwa anajibu swali kabla halijaisha. Alikuwa kwenye kazi hiyohiyo, katika kampuni changa ya kuuza nguo mtandaoni, na aliyemfundisha kuwasha kompyuta mara ya kwanza alikuwa dada yake huyuhuyu. Spidi hakuona tatizo.

"Dada, siku hizi kila mtu anafanya hivyo. Usaili wenyewe ni wa kwenye kompyuta, hamko chumba kimoja. Unavaa kidude sikioni, mtandio unakifunika, mimi niko chumbani nasikiliza kwa simu. Wakiuliza, nakunong'oneza, unasema. Basi."

"Si ni wizi huo?"

"Wizi wa nini? Kazi unaijua. Mimi nakukumbusha tu."

Nakukumbusha tu. Maneno matamu hayo, na mtu mwenye hofu hahitaji matamu zaidi ya hapo. Mama Pacha akakubali.

Siku ikafika. Nyumba nzima ilipangwa kama inasubiri wakwe. Mama mkwe alifagia sebule mara ya pili ingawa ya kwanza ilitosha, akaweka kitambaa safi mezani, akaihamisha picha ya harusi ili ionekane nyuma ya mkwewe, kisha akairudisha, akaona wasije wakafikiri anajionyesha. Kisha akawachukua pacha, akaenda nao jikoni. Akawapa mifuniko ya sufuria wacheze, ikalia kengele ya kanisa zima, akawanyang'anya.

"Mwanangu," akasema mlangoni, "mimi na hawa tutakuwa mabubu. Hata nikiungua sitapiga kelele. Wewe nenda kawaonyeshe."

"Asante, Mama."

"Usiogope watu hao. Kwani wao walizaliwa wanajua?"

Mama Pacha aliona haya hapohapo, hata kabla ya kuanza. Kidude kilikuwa tayari sikioni, na Spidi alikuwa anapima ndani yake, "Moja mbili, moja mbili, Dada unanipata?" Akavuta mtandio karibu na shavu, akawasha kompyuta.

Kwenye kioo walitokea watu wawili. Mmoja alikuwa afisa ajira, kijana mpole aliyekuwa akiandika muda wote. Wa pili alikuwa mama wa makamo, mvi zimemwingia pembeni, miwani imekaa chini kidogo puani. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa mitambo. Kampuni yao ilikuwa na mfumo unaopeleka majibu ya maabara kwa madaktari na kuwaarifu wagonjwa kwa simu. Mfumo ukilala, daktari anasubiri, na mgonjwa anasubiri zaidi.

"Karibu, dada," Mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiye na haraka. "Hapa hatutegi watu. Usichokijua sema hukijui, tutaendelea. Sawa?"

"Sawa, mama."

Angekitoa kidude wakati ule! Mlango ulikuwa wazi, mama wa watu ameufungua mwenyewe. Lakini ile nusu ya mdomo ya yule kijana wa fulana ikamjia, akatulia.

"Tuanze na paipulaini," Mkuu akasema. "Mwenzako ameandika mabadiliko ya programu, ameyatuma. Nieleze kinachotokea mpaka yafike kwenye seva."

Kidude kikaanza, mbiombio kama kawaida ya mwenyewe. Mama Pacha akasema, "Mmm, swali zuri," ili apate nafasi, kisha akafuata nyuma. Kwamba paipulaini inachukua programu yenyewe, bila kusubiri mtu. Inaijenga, inaipitisha kwenye majaribio, na jaribio moja likifeli safari inaishia hapo, aliyeleta anaarifiwa. Yakipita yote, inatengenezwa imeji ya kontena, yaani programu pamoja na kila inachohitaji, vimefungwa pamoja. Imeji inapewa namba yake, inawekwa kwenye ghala, inapelekwa kwanza kwenye seva za majaribio, ndipo seva za kweli.

"Vizuri. Na kama kuna jaribio moja leo linapita, kesho linafeli, na hakuna mtu aliyegusa kitu?"

Jibu hilo Mama Pacha alikuwa nalo mdomoni. Alishapambana na majaribio ya aina hiyo mpaka akayapa majina ya mashangazi zake wasioeleweka. Alifungua mdomo. Halafu, sijui ni shetani gani, akaufunga akasubiri la Spidi.

"Mmm, swali zuri," akasema. Kidude kikamwambia alichokuwa anakijua: litenge jaribio hilo pembeni lisizuie wengine, tafuta chanzo, usiwe mtu wa kubonyeza tena na tena mpaka lipite kwa bahati. Akalisema neno kwa neno. Jibu lake mwenyewe lilimtoka likiwa na ladha ya mdomo wa mtu mwingine.

Mkuu akaitikia kwa kichwa, akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Wakaingia kwenye kontena. Akaulizwa kontena na mashine pepe zinatofautianaje, akajibu kwamba mashine pepe kila moja inabeba mfumo wake mzima wa kompyuta, ndiyo maana ni nzito, lakini kontena zinatumia kiini kimoja cha seva iliyozibeba, zimetengwa tu zisiingiliane. Akaulizwa kontena inayokufa kila mara na kuacha namba 137 ina ugonjwa gani. Kidude kikasema, naye akasema: imeuawa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu imekula kumbukumbu kupita kikomo ilichopangiwa. Usikimbilie kuongeza kikomo, angalia kwanza nani anakula.

"Hilo la mia na thelathini na saba ulijifunzia wapi?"

Hapo kidude kilinyamaza. Spidi hakuwa na jibu la swali kama hilo.

"Kazini," akasema Mama Pacha. Ulikuwa uongo. Namba ile aliisikia mara ya kwanza dakika ile, kutoka chumbani kwake mwenyewe. Masikio yakashika moto, lile lenye kidude na lile lisilo nacho.

"Haya." Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akairudisha. "Swali langu la mwisho. Hili nalipenda. Tumetoa toleo jipya mchana. Toleo hilo limehamisha namba za simu za wagonjwa kutoka safu ya zamani kwenye databesi, limezipeleka kwenye jedwali jipya, kisha likaifuta ile safu ya zamani. Baada ya muda makosa yanaanza. Kwa kila wagonjwa kumi, mmoja hapati ujumbe wake. Watu wamejaa nyuma ya kiti chako, wakubwa wanapiga simu. Nieleze mkakati wako wa kurudisha toleo."

Mama Pacha alilijua swali hili. Hakulisoma popote. Alilikalia, lilimtoa jasho. Kule kwenye bili za maji iliwahi kutokea hivihivi, safu ya namba za mita ikafutwa na toleo jipya, na wenzake wakajaa nyuma ya kiti chake wakipiga kelele, "Rudisha! Rudisha toleo la jana!" Naye akaifunika kibodi kwa viganja vyote viwili kama kuku juu ya mayai, akasema harudishi mtu hapa. Kwa sababu programu ya jana inaitafuta safu ambayo leo haipo. Ukiirudisha, badala ya mteja mmoja kati ya kumi kukosa huduma, watakosa wote kumi. Walimtukana siku ile. Mzee Kimya ndiye aliyewanyamazisha.

Yote hayo yalimjia kifuani, yamejaa, yanataka kutoka. Na wakati huohuo kidude kikawa kinapiga mbio:

"Rahisi hiyo, Dada! Rudisha imeji ya toleo lililopita, amri moja tu, ndani ya dakika mbili mmerudi mlikokuwa. Halafu mnatafuta kosa kwa utulivu. Sema hivyo. Sema!"

Sivyo, Mama Pacha alisema moyoni. Sivyo kabisa.

Lakini alishazoea. Hicho ndicho kinachouma. Saa nzima mdomo wake ulikuwa unafuata sikio, na mdomo ukishazoea kufuata hauulizi tena. Pia akaogopa. Akajiambia huenda mambo yamebadilika, huenda siku hizi kuna namna, Spidi ndiye yuko kazini, mimi niko kwenye ndoo za kufulia. Akasema:

"Mmm, swali zuri. Ningerudisha imeji ya toleo lililopita. Ni amri moja tu. Ndani ya dakika mbili tungekuwa tumerudi tulikokuwa, kisha tunatafuta kosa kwa utulivu."

Afisa ajira akaandika. Mkuu hakuandika. Alimtazama mpaka Mama Pacha akasikia maji yakidondoka kwenye bomba la jikoni, na mtoto mmoja akipiga chafya na kuzibwa mdomo.

"Dada," Mkuu akasema mwishowe, "unamkumbuka Mzee Kimya?"

"Ndiyo, mama."

"Nilifanya kazi naye zamani. Nilipokuwa natafuta mtu, nilimpigia. Unajua yeye si mtu wa hadithi. Lakini hiyo ya safu ya mita alinisimulia yote. Jinsi walivyokuwa wanapiga kelele urudishe, na jinsi ulivyokataa. Akaniambia, huyo mtafute popote alipo." Akairekebisha miwani. "Swali hili nilikutungia wewe. Wengine sikuwauliza. Nilitaka kusikia ulivyokataa. Sasa umenijibu kile walichokuwa wakipiga kelele."

Ardhi haikupasuka. Huwa haipasuki unapoihitaji. Mama Pacha alibaki pale kwenye kitambaa safi cha mama mkwe, uso umemwiva, na kidude bila aibu kikawa kinapapatika, "Sema ulikuwa unamtega! Dada, sema ulikuwa unatania! Mwambie mtandao ulikata!"

Akaingiza mkono chini ya mtandio. Akakitoa. Kilikuwa kidogo, cheupe, kimeloa jasho. Angeweza kukiangusha chini ya meza, wala wasingeona. Akakiinua mbele ya kamera.

"Mama, nimekudanganya," akasema. "Nilikuwa na mtu sikioni. Ni mdogo wangu, lakini kosa si lake, mimi ndiye niliyemwita. Hiyo namba ya kontena sikujifunza kazini, nimeisikia leo. Mengine mengi nilikuwa nayajua, ila niliogopa. Najisikia vibaya sana. Naona aibu hata kukutazama."

Afisa ajira aliacha kuandika. Mkuu hakushtuka. Alionekana mtu aliyekuwa anajua tangu lile "swali zuri" la pili, akisubiri tu aambiwe.

"Kiweke pembeni," akasema. "Sasa nijibu wewe."

Na Mama Pacha akajibu. Mwanzoni sauti ilikuwa inatetemeka, kisha ikasahau kutetemeka.

"Sirudishi, mama. Kwanza nasimamisha paipulaini, kitu kingine chochote kisitoke, tusije tukachanganyikiwa. Toleo jipya naliacha linafanya kazi, kwa sababu watu tisa kati ya kumi linawahudumia. Nikirudisha la zamani, litaitafuta safu isiyokuwepo, na watakosa wote. Natafuta yule wa kumi ana nini. Labda namba yake iliandikwa kwa mtindo mwingine, uhamisho ukamruka. Chanzo kikionekana haraka, narekebisha kwa kwenda mbele, toleo dogo, lakini lipite majaribio yote kama mengine, hakuna cha dharura."

"Na chanzo kisipoonekana?"

"Basi natengeneza njia ya kurudi kabla ya kurudi. Naijenga upya ile safu ya zamani. Naijaza kutoka kwenye jedwali jipya, ili hata mgonjwa aliyeandikishwa baada ya toleo kutoka awemo. Wale walioachwa na uhamisho nawachukua kwenye nakala rudufu iliyohifadhiwa kabla ya toleo, wao peke yao. Siirudishi nakala nzima, maana itaifuta kazi yote iliyoingia tangu mchana. Hayo nayajaribu kwanza kwenye databesi ya majaribio. Yakikubali, ndipo nairudisha imeji ya zamani. Wakubwa wanaopiga simu nitawaambia ukweli, kwamba mmoja kati ya kumi anaumia, na wakinilazimisha kurudisha sasa hivi wataumia kumi."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake tunakaa na walioandika. Safu haifutwi siku ileile inayohamishwa. Unaongeza jipya, unaandika pote pawili, unahamia taratibu, la zamani unaliacha lipo mpaka uwe na hakika hakuna atakayehitaji kurudi. Ndipo unalifuta, kwenye toleo lake lenyewe. Huwezi kubomoa daraja halafu ukamwambia mtu arudi ng'ambo."

Mkuu alikuwa ameegemea mbele, kidevu juu ya kiganja. Mara moja tu, alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la mdomo mzima.

"Hilo ndilo jibu," akasema. "Wasailiwa wote niliowaona, hakuna aliyenijibu swali lolote hivyo."

Moyo wa Mama Pacha uliruka, mjinga yule. Ukasahau kwa dakika moja ulikotoka.

"Lakini kazi siwezi kukupa, mdogo wangu."

Akamwita mdogo wangu, na ndiyo maana iliingia ndani zaidi.

"Mfumo ukianguka," Mkuu akaendelea, polepole, "mimi niko upande wa pili wa simu na fundi wangu yuko mbele ya seva. Namuuliza, unaona nini? Nikisikia neno, lazima nijue ni lake, ni macho yake. Asiponiambia kwamba hajui, akinisomea maneno ya mtu mwingine kwa sababu anaogopa, tunaangusha watu. Leo ulikuwa na jibu sahihi kifuani ukanipa la uongo. Ungenijibu sijui kontena, sijui namba, sijui nini, ukafika hapa ukaniambia sirudishi, ungeanza kazi Jumatatu."

"Naelewa, mama."

"Najua unaelewa. Ndiyo maana inaniuma." Akavua miwani tena, safari hii hakuifuta. "Mzee Kimya atanipigia kuniuliza. Nitamwambia nini?"

Mama Pacha alimfikiria yule mzee aliyekuwa akilala usingizi. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Mwambie ukweli, mama."

"Nitamwambia," Mkuu akasema. "Na cha mwisho ulichofanya nacho nitamwambia." Kioo kikazima, Mama Pacha akabaki anajitazama mwenyewe kwenye weusi wake, mtandio umeenda upande.

Spidi akatoka chumbani kwa kunyata, simu mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na haraka.

"Dada, nilisikia yote," akasema. "Kwetu hatujawahi kufuta safu. Sikujua kama mtu anaweza kushindwa kurudi. Kama ulikuwa unajua, kwa nini ulinifuata mimi?"

Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anauliza kweli, kama alivyokuwa anauliza zamani kwa nini kompyuta inazima.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Pacha wakatoka kama maji ya bomba lililopasuka, wakamvamia mama yao magotini, na nyuma yao mama mkwe akaingia na kikombe cha chai, anatembea kwa madaha, uso unameremeta.

"Nimesikia!" akasema. "Mwanzoni nikawa na wasiwasi, nikasema mbona anaongea kama anasoma tangazo la msiba? Katikati huyu akapiga chafya, nikahangaika naye, sikusikia kitu. Lakini mwishoni, mwanangu! Mwishoni nikakusikia wewe mwenyewe. Mimi sijui kompyuta, ila nimeelewa. Kwamba huwezi kumrudisha mtu nyumba ya zamani wakati chumba chake umeshakibomoa. Si ndivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Unaona! Na yule mama akasema hilo ndilo jibu, nimemsikia kwa masikio yangu haya. Hapo nikawapeleka hawa uani wasije wakaharibu, nikampigia mume wako. Nimemwambia kazi ni ya mke wako. Alipiga kelele huko kazini kwake mpaka wenzake wakauliza kuna nini." Akaweka kikombe mezani, akaugeuza mkono wa kikombe uelekee kwa mkwewe. "Kunywa, imekaa vizuri."

Spidi akakohoa. "Wamesema watapiga simu, Mama," akasema haraka, macho kwa dada yake. Bado alikuwa anamnong'oneza, maskini, safari hii bila kidude. Ulikuwa mlango mwingine, huu wa kutorokea, nao wazi. Ungeweza kukaa wazi wiki nzima, mpaka watu wasahau kuuliza.

Simu ya Mama Pacha ikaanza kulia mezani, karibu na kidude. Jina la mumewe likawa linang'aa. Pacha mmoja akakishika kile kidude, akakitia sikioni mwake, akacheka.

Mama Pacha akamnyang'anya mtoto taratibu. Akamtazama mama mkwe, yule aliyefagia mara mbili na kuahidi kuungua kimyakimya, akaona anavyosubiri kusikia shangwe kutoka kwenye simu.

"Kaa, Mama," akasema. "Kaa kwanza, na wewe usikie hili."

Akapokea, akaweka sauti ya nje.

"Hongera!" mumewe alikuwa anapiga kelele. "Hongera mke wangu! Nilijua! Niambie, niambie ilikuwaje!"

"Usinipongeze," akasema Mama Pacha. "Sikupata. Nilifanya udanganyifu, nikakamatwa, na swali lenyewe nilikuwa nalijua."

Upande wa pili zilisikika sauti za wenzake, bado wanacheka. Mama mkwe alikaa polepole kwenye kiti, mikono mapajani, akitazama kitambaa chake cheupe cha mezani. Baada ya muda akanyoosha mkono, akasogeza kikombe cha chai karibu zaidi na mkwewe, na macho hakuyainua.